Mpokea Maziwa wa Muheza

Keni ikishawekwa juu ya meza ya zege, mfugaji haruhusiwi kuufungua mfuniko. Anayefungua ni mpokea maziwa mwenyewe, na kabla ya kufungua huinama hadi uso wake unakaribia kugusa alumini. Hunyanyua mfuniko upande mmoja tu, kiasi cha vidole viwili, na kuvuta pumzi mara moja. Ile hewa iliyofungwa chini ya mfuniko tangu alfajiri ndiyo inayosema kweli. Hewa ya nje ikishaingia, harufu hupungua na pua haiambiwi tena kitu. Kwa hiyo ana nafasi moja kwa kila keni. Akisikia harufu ya uchachu, ya moshi, ya kitunguu cha porini au ya dawa, hataji neno. Anaufungua mfuniko wote, anautazama upande wa ndani, anayatazama maziwa, kisha ndipo anamgeukia mwenye keni.

Kituo kiko Muheza, mkoani Tanga, nchi ya michungwa na ya joto la unyevu ambalo halipungui sana hata usiku. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa mkoa huu wana vyama vyao vya msingi, na tangu mwaka 1993 vyama hivyo vina chama kikuu, kinachojulikana kwa herufi zake, TDCU. Maziwa yakishapoozwa kituoni hupakiwa kwenye gari na kupelekwa kiwandani Tanga mjini. Mfugaji mwenye ng'ombe wawili, mwenye lita nane au kumi na mbili za asubuhi, hawezi kukodi gari wala kukaa na tanki la baridi. Akiweka lita zake pamoja na za wenzake arobaini, gari linakuja lenyewe. Lakini kuweka pamoja maana yake ni kuchanganya kweli: yakishamiminwa tankini, maziwa ya huyu hayatengani tena na ya yule. Keni moja iliyoanza kuchachuka inaweza kuharibu jasho la kijiji kizima. Ndiyo sababu kazi yote ya ushirika huu, mbele ya mikutano na mihuri, inasimama mikononi mwa mtu mmoja aliyevaa koti jeupe na buti za mpira, mama wa makamo ambaye hana haraka.

Nilimtazama akifanya kazi asubuhi nzima, na jambo la kwanza lililonigusa ni jinsi anavyokoroga. Malai hupanda juu maziwa yakitulia, hata kwa safari fupi ya pikipiki, kwa hiyo ukichota juu utapata maziwa mazito na ukichota chini utapata mepesi. Huchukua kikorogeo chake, fimbo ya chuma yenye sahani yenye matundu mwishoni, na kukizamisha hadi chini ya keni, kisha kukiinua polepole, tena na tena, bila kurusha povu. Huzamisha na kuinua kwa mwendo uleule kwa keni ya lita hamsini na kwa ndoo ya lita tatu iliyoletwa na mtoto anayeelekea shuleni.

Kutoka hapo huchota kidogo kwa ajili ya alkoholi. Ana chupa ya alkoholi ya asilimia 68 na mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, moja la maziwa na jingine la alkoholi, na kamwe hayabadilishani kazi. Anaweka mililita mbili za maziwa katika kibomba cha kioo, anaongeza mililita mbili za alkoholi, anakipindua taratibu, kisha anakiinamisha dhidi ya mwanga wa dirisha. Maziwa mazima huteleza kwenye kioo na kuacha utando laini usio na kitu. Maziwa yaliyoanza kuchachuka huacha chembe, kama unga uliokorogwa vibaya. Chembe hizo zinatokana na protini ya maziwa, ambayo hubaki imeyeyuka vizuri maziwa yakiwa mabichi; asidi ikizidi inakosa ushupavu, na alkoholi inaimaliza. Ulimi bado hausikii uchachu wowote wakati huo. Mfugaji anaweza kuyaonja akaapa kuwa ni mazuri, na kwa kadiri ya ulimi wake anasema kweli.

Asubuhi ile kulikuwa na kibomba kimoja chenye chembe, na hapo ndipo niliona tofauti ya mtu anayejua kipimo na mtu anayejua maziwa. Keni ilikuwa ya mzee aliyefika mapema, na pua haikuwa imelalamika.

"Mzee wangu, hebu tazama hapa," alisema, akamkabidhi kibomba chenyewe akishike.

Mzee alikishika, akakigeuza kwenye mwanga. "Naona, mwanangu. Lakini nimekamua saa kumi na moja leo hii hii."

"Nakuamini. Ngoja tuyachemshe."

Aliweka kiasi kidogo katika kibomba kingine, akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka, akangoja dakika kama tano. Maziwa yaliyochachuka hukatika yakichemka. Haya hayakukatika. Kwa hiyo uchachu haukuwa sababu, na alkoholi ilikuwa imegusa kitu kingine. Kuna mambo mawili ya kawaida yanayoleta chembe kwenye alkoholi bila uchachu: dang'a, yaani maziwa ya siku za kwanza baada ya ng'ombe kuzaa, na ugonjwa wa kiwele. Akamuuliza ng'ombe wake yupi amezaa karibuni. Hakuna. Akauliza kama kuna chuchu yenye joto au ngumu kuliko nyingine. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema yule mwekundu alikuwa anarusha teke tangu jana anapokamuliwa upande wa kulia nyuma.

Maziwa yale hayakuingia tankini. Lakini mzee hakuondoka akiwa ametukanwa. Aliondoka na maelekezo: michirizi ya kwanza ya kila chuchu ikamuliwe kwenye kikombe cheusi, ili mabonge yaonekane, huyo mwekundu akamuliwe wa mwisho, asiambukize wenzake kwa mikono, na mganga wa mifugo akitia dawa, maziwa yake yasiletwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye kasha la dawa ziishe. Kosa hilo la mwisho halionekani kwa pua, wala kwa alkoholi, wala kwa laktomita. Linaonekana kiwandani, pale mtindi unapokataa kuganda, kwa sababu dawa iliyobaki kwenye maziwa inaua vijidudu vyema vinavyotakiwa kuyagandisha.

Laktomita ndiyo chombo ambacho wafugaji wanakitazama kwa wasiwasi kuliko vyote, kwa kuwa kinasema habari za maji. Ni bomba la kioo lenye tumbo zito chini na shingo nyembamba yenye namba. Linaelea. Katika maziwa mazito linaelea juu zaidi, katika maziwa yaliyoongezwa maji linazama zaidi. Namba 28 kwenye shingo yake maana yake lita moja ya maziwa hayo ina uzito wa kilo 1.028, wakati lita ya maji ni kama kilo moja kamili. Maziwa halisi ya ng'ombe kwa kawaida husimama kati ya 28 na 32.

Jinsi anavyolitumia inastahili kusimuliwa. Huinamisha silinda na kuyamimina maziwa yakishuka ubavuni, ili povu lisipatikane. Huijaza hadi maziwa yafurike kidogo, povu lililobaki limwagike. Hushika laktomita kwa ncha ya shingo, huishusha hadi karibu na namba 30 kisha huiachia, haidondoshi. Huipa mzunguko mdogo kwa vidole ili isigandamane na ukuta wa silinda. Inapotulia, huinamisha kichwa mpaka jicho liwe sawa na uso wa maziwa. Halafu anafanya jambo ambalo sikulitarajia: anasogea pembeni na kumwambia mfugaji asome mwenyewe. Mfugaji anataja namba, yeye anasoma tena, na namba haiandikwi mpaka wawili wakubaliane.

Namba hiyo bado si ya mwisho. Laktomita yake imetengenezwa isomwe maziwa yakiwa na nyuzi 20 za joto, na Muheza hakuna maziwa ya nyuzi 20 saa moja asubuhi. Maziwa yenye joto ni mepesi, hivyo kila nyuzi moja juu ya 20 anaongeza 0.2. Maziwa yanayosoma 27 yakiwa na nyuzi 28 hupata nyongeza ya 1.6, yanakuwa 28.6, na yanapita. Mtu asiyetumia kipimajoto angewarudisha watu wakweli nyumbani kila siku ya joto, na kuwapokea wenye maji siku ya baridi.

Kuna jambo la ndani zaidi, na hili ndilo lililonifanya nimheshimu. Alikuja kijana anayekaa jirani na kituo, maziwa yake yakiwa na joto la ng'ombe bado. Laktomita ilisoma 25 kwenye nyuzi 33. Nyongeza ni 2.6, jumla 27.6, chini ya mpaka. Mtu mwingine angemaliza hapo. Yeye aliisogeza keni kwenye karai la maji baridi, akaweka jiwe dogo juu ya mfuniko kama alama, akaendelea na foleni. Maziwa yaliyotoka kiweleni sasa hivi yana hewa ndani, na mafuta yake bado ni maji maji, hayajakaa sawa. Mpaka yatulie, laktomita itayaonea. Baada ya foleni kwisha, aliyapima tena: 27 kwenye nyuzi 27. Nyongeza ni 1.4, jumla 28.4. Akayapokea. Kama asingengoja, mtu anayekaa karibu na kituo, mwenye maziwa mabichi kuliko wote, ndiye angeitwa mwongo.

Na anayetia maji kweli? Keni moja ya lita 20 ilisoma 24 kwenye nyuzi 26, yaani 25.2 baada ya kurekebisha. Maziwa ya kituo kile siku zile yalikuwa yakicheza kwenye 29. Kwa kuwa maji yenyewe yanasoma sifuri, hesabu ni nyepesi: gawanya 25.2 kwa 29, unapata kama 0.87. Katika lita 20, takriban lita 17 na nusu ni maziwa na zilizobaki ni maji. Mwenye keni, mama mmoja aliyejifunga kanga mbili, alikataa katakata. Mpokeaji hakubishana naye, wala hakupandisha sauti watu wasikie. Aliandika namba kwenye daftari na kwenye kadi ya mama huyo, akamwambia, "Kesho alfajiri nitakuja zizini kwako, mama. Tukamue pamoja, tupime hapohapo tukishayapoza."

Huko ndiko kukata rufaa kwa wafugaji. Wapo ng'ombe wachache ambao maziwa yao kwa asili ni mepesi, hasa kiangazi malisho yakiisha na ng'ombe akilishwa mabua matupu. Ikiwa maziwa yaliyokamuliwa mbele ya mashahidi yanasoma 26, basi mama ni mkweli na shida ni chakula cha ng'ombe. Yakisoma 29, basi jawabu limepatikana bila mtu kuitwa mwizi mbele ya jirani zake. Kwa vyovyote, keni ya leo haikuingia, na kipimo cha kesho ndicho kitakachoamua kama kuna faini kwa mujibu wa masharti ya chama.

Laktomita ina upofu wake, na mpokeaji anaujua. Malai ni mepesi kuliko maziwa yenyewe. Ukiyaengua, maziwa yanayobaki yanasoma juu, pengine 33 au zaidi. Ukiongeza maji kidogo, namba inashuka ikarudi 29, na laktomita inasema hakuna kilichotokea. Kwa hiyo namba nzuri mno inamtia shaka kama namba mbaya. Hutazama rangi ya maziwa yanapoteleza ukutani mwa silinda: yaliyoenguliwa yana ubuluu hafifu na hayaachi utando. Akishuku, huweka sampuli kwenye chupa ndogo yenye namba ya mfugaji na kuipeleka kiwandani, ambako hupimwa mafuta kwa asidi kali ya salfa na mashine ya kuzungusha, mafuta yanajitenga kwenye shingo ya kioo na kusomwa kwa asilimia. Kipimo hicho hakifanywi kituoni, asidi ile si ya kuchezea kwenye chumba chenye watoto wanaoingia na ndoo.

Yaliyopita yote yanapita tena kwenye kitambaa safi cha kuchujia, kisha kwenye kipimo cha lita. Hapa pana haki ndogo ambayo ni rahisi kuisahau. Maziwa yakifika katikati ya alama mbili, mpokeaji aandike ipi? Akishusha kila mara, nusu lita kwa nusu lita, mfugaji mdogo ndiye anayeumia zaidi, maana robo lita kwa mwenye lita tatu ni nyingi kuliko kwa mwenye lita thelathini. Yeye huandika hadi robo, na keni huipindua juu ya kichujio mpaka tone la mwisho litoke, akihesabu kimoyomoyo. Kisha huandika lita kwenye kadi kwanza, daftarini baadaye, ili mfugaji aondoke na ushahidi mkononi.

Foleni ikiisha huingiza kijiti cha kupimia tankini na kulinganisha na daftari. Siku ile daftari lilisema lita 412, kijiti kilisema 409. Lita tatu zilikuwa zimekwenda kwenye sampuli, kwenye kitambaa, kwenye kuta za keni. Akatikisa kichwa kuridhika. Nikamuuliza kama huwa anafurahi zaidi tanki linapozidi daftari. Akanitazama kwa mshangao.

"Yakizidi, ndugu yangu, nauliza nani kapunjwa."

Mimi sijasikia maelezo ya uaminifu wa ushirika yaliyo mafupi kuliko hayo. Upungufu mdogo una sababu zake halali. Ziada haina, kwa kuwa maziwa hayaongezeki tankini. Ikitokea, imetoka kwenye kadi ya mtu.

Daftari hilohilo ndilo linaloingia kwenye mkutano wa bei, na huko nako subira inahitajika. Nitatumia namba za mfano, kwa sababu bei hubadilika. Tuseme kituo kinapokea lita 12,000 kwa mwezi wakati wa masika, nyasi zikiwa tele, na lita 6,000 wakati wa kiangazi. Umeme wa tanki, mshahara wa mpokeaji na wa mlinzi, dawa za kuoshea na alkoholi havijali msimu: tuseme ni shilingi 1,200,000 kila mwezi. Masika, kila lita inabeba shilingi 100 za gharama hizo. Kiangazi, lita hiyohiyo inabeba 200. Yaani mfugaji anakatwa zaidi wakati ule ule ng'ombe wake wanatoa kidogo, na wakati ule ule mchuuzi wa pikipiki anapita mlangoni na bei ya juu. Baadhi wanauza pembeni, lita za kituo zinapungua zaidi, na makato ya waliobaki waaminifu yanapanda tena. Masika ikirudi mchuuzi haonekani, kwa kuwa maziwa yamejaa kila mahali.

Wanachama wakikaa na daftari mbele yao wanaweza kuona jambo ambalo mtu mmoja mmoja hawezi kuliona. Wakikubali makato ya shilingi 150 kwa kila lita mwaka mzima, mwezi wa masika unaleta 1,800,000 na kuacha ziada ya 600,000. Mwezi wa kiangazi unaleta 900,000 na kupungukiwa 300,000. Masika inailipia kiangazi. Bei ya mfugaji haipandi sana wala haishuki sana, na mchuuzi anakosa lile pengo analolipitia. Miezi ya namna hiyo ikigawanyika nusu kwa nusu, mwisho wa mwaka panabaki 1,800,000. Hapo ndipo mabishano yanapokuwa makali: zirudi kwa wanachama kama malipo ya pili, kila mtu kwa lita zake, au zikae kwa ajili ya mtambo wa kupoozea ambao tayari unakohoa?

Katika mabishano hayo mpokea maziwa hana kura ya ziada. Lakini kila anayesimama kudai anasoma lita zake kwenye kadi, na kadi zile zina mwandiko wa mkono mmoja. Katika mkutano niliousikiliza, sikumsikia mtu yeyote akisema lita zake ziliandikwa vibaya. Walibishana juu ya mtambo tu, na baada ya saa nzima wakaamua theluthi mbili ziende kwenye matengenezo na theluthi moja ilipwe kwa lita, ikianza na wale walioleta maziwa kiangazi.